Msalaba wa Kijani kwenye Bahasha

Kabla sijamjua yule mfamasia, nilikuwa nimewaahidi watu wa Meru karibu kila kitu. Mimi ni mtu wa mabango. Kibanda changu kiko Makutano: chumba kimoja, kompyuta, mashine ya kuchapa, na harufu ya wino isiyotoka hata madirisha yakishinda wazi wiki nzima. Pikapu za miraa zinazotimua mbio kutoka mji wa Maua kabla ya alfajiri, nyingi zilibeba maneno yangu mgongoni. Kila bucha niliyoichorea ilikuwa na nyama laini kuliko zote, kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo. Kinyozi mmoja alitangaza mafuta ya kuotesha nywele kwa siku saba, na yeye mwenyewe alikuwa na kipara kinachong'aa. Hakuna aliyewahi kunishtaki, nami nikachukulia hiyo kuwa dalili ya kipaji.

Mfamasia alikuja mchana mmoja, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, amevaa sweta la kijivu na viatu vya mtu anayesimama kutwa. Alikuwa amefanya kazi hospitalini Embu miaka mingi, na sasa alikuwa anafungua duka lake mwenyewe la dawa, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ukuta kwa ukuta na bucha ya mzee mmoja Mwislamu. Mtaa mzima ulikwisha kumwita daktari kabla hajafungua mlango, nami nikamwita vivyo hivyo.

"Nataka mtu akiona hili duka aniamini," alisema. "Bango, ukuta, bahasha za dawa, zote zikae kitu kimoja. Lakini sitaki kudanganya mtu, na sitaki kufungiwa."

"Ufungiwe na nani, daktari?"

"Bodi ya dawa. Mkaguzi bado hajakuja, na mpaka apite siwezi kuuza hata Panadol."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa fundi. Siku ya pili nilimpelekea mchoro ambao mpaka leo nikiukumbuka najikuna kichwa. Juu, msalaba mwekundu mkubwa. Chini yake, kwa herufi za manjano zenye kivuli: TUNATIBU PRESHA, KISUKARI NA MAGONJWA SUGU. Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki: DAWA BORA ZAIDI MERU NZIMA, HAZINA MADHARA. Pembeni niliweka picha ya familia ya Wazungu wenye meno mengi.

Hakukasirika. Alichukua kalamu, akavuta kiti, akaanza kukata kama mwalimu anayesahihisha insha.

"Hii 'tunatibu', toa."

"Sasa daktari, duka la dawa lisilotibu linafanya nini?"

"Linauza dawa na kumwelezea mtu vile atatumia. Sheria haikubali nitangazie watu eti nina dawa ya kuponya kisukari ama kansa. Na zile dawa mtu huandikiwa na daktari, hizo siwezi kuzipigia debe kwa bango hata kidogo."

"Basi tubakishe 'hazina madhara'."

"Ziko na madhara. Zote. Ndio maana nilisoma."

"'Bora Meru nzima' je?"

"Utapima na nini?"

Nililikata hilo mwenyewe. Akafika kwenye msalaba, akaniambia ule mwekundu unalindwa na sheria, ni alama ya wanaookoa watu vitani, haiwekwi dukani ovyo. Hapo nilijiona mjanja. Nilirudi kwenye kompyuta, nikabofya mara moja ukawa wa kijani, nikamtoza kana kwamba nimehangaika wiki nzima.

Kilichobaki baada ya kalamu yake kilinihuzunisha. Jina la duka. Maneno DUKA LA DAWA na ule msalaba wa kijani. Saa za kufungua na kufunga. Ukutani ndani, mkabala na mlango, alitaka nafasi tupu ya kuning'iniza leseni ya duka na cheti chake, pamoja na ile namba ambayo mteja anaweza kuituma kwa simu akajibiwa kama duka limesajiliwa. Nilimwuliza kama kweli anataka watu wampende kwa ajili ya karatasi zilizowekwa kwenye fremu. Alisema ndiyo, anataka hivyo hasa.

Ubaya ni kwamba mita mia moja kutoka hapo kulikuwa na muuza mitishamba mwenye bango refu kuliko mlango, lililoahidi kutibu magonjwa arobaini, yakiwemo mikosi na kukosa mume. Asubuhi hadi jioni watu walijaa. Mfamasia alilitazama bango lile siku moja tukiwa tumesimama barazani.

"Hiyo ni kazi yako?"

"Ya zamani," nilijibu.

"Rangi bado inanata."

Ilikuwa ya wiki iliyotangulia.

Zikabaki bahasha. Kwetu, mtu akinunua vidonge vya kuhesabiwa kutoka kopo kubwa, hutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na mara nyingi huandikiwa kwa kalamu tu "1x2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, ajue mwenyewe. Mfamasia hakuitaka ile "1x2" hata kuiona. Alitaka nafasi ya jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake, namna ya kutumia kwa maneno kamili, tarehe, jina la duka, mahali lilipo na namba yake ya simu, na onyo la kuweka dawa mbali na watoto. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa, na kwa kweli sikusikiliza. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na siri ya fundi: kwenye kompyuta yangu kulikuwa na bahasha iliyokwisha kupangwa.

Ilikuwa bahasha ya sadaka. Nilikuwa nimewachapia kanisa la kwetu Kibirichia, la mama yangu, kwa ajili ya ibada ya shukrani ya mavuno ya viazi. Ilikuwa na msalaba juu katikati, mstari wa jina, mstari wa tarehe, maua kidogo kwenye pembe, na chini kabisa jina la kibanda changu na namba yangu ya simu, kwa sababu ni nani atakutangaza usipojitangaza. Niliondoa maneno ya shukrani, nikaongeza mistari ya dawa, nikaacha msalaba kwa kuwa tayari ulikuwa wa kijani. Maelezo niliyaandika kwa kijani kibichi juu ya kijani kilichopauka. Ilipendeza sana. Kwenye skrini.

"Hizi herufi ni ndogo," mfamasia alisema alipoletewa.

"Ndiyo za kisasa, daktari."

"Ongeza."

Niliongeza kiasi cha punje ya mtama. Siku hiyohiyo mkaguzi alikuwa amepiga simu kusema anakuja kesho yake, na mfamasia alikuwa amepiga magoti akipanga makabati, akatia sahihi kwenye mchoro bila kuinuka. Mkaguzi akaja, akakagua leseni, akakagua friji, akasoma bango la nje mara mbili akitafuta uongo na kuukosa, akapita. Bahasha hakuziona, zilikuwa bado zinakauka kwangu.

Lazima niseme hapa habari za mama yangu. Miaka miwili kabla ya hayo alianguka shambani, kwenye mtaro wa viazi, jembe mkononi. Ilikuwa presha. Tangu siku hiyo daktari wa hospitali alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, kila siku ya Mungu, na akatuambia sisi watoto kwamba akiacha anaweza kuanguka tena na asiinuke. Ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo dawa za mama zilikuwa kazi yangu. Duka lilipofunguliwa Jumamosi nilimleta mwenyewe, nimemshika mkono, kumwonyesha nilivyofanya. Alilisifu bango, akasema limenyooka. Mfamasia alimhesabia vidonge thelathini vya mwezi, akaandika jina lake kwenye bahasha, akamwelezea polepole, naye mama akaitikia kila neno na kusema asante mara nne. Aliipapasa ile bahasha kwa kidole. Nilivimba kichwa.

Jumatano ya wiki iliyofuata simu ililia. Ilikuwa sauti ya mhazini wa kanisa, mama mmoja anayeheshimika Kibirichia nzima kwa kutopoteza hata senti.

"Wewe ndiye unachapanga bahasha?"

"Ni mimi, mama."

"Namba yako nimeipata hapa chini, imeandikwa kubwa vizuri. Sasa sikia. Tumeketi kamati kufungua sadaka za shukrani, zile za majina. Ya mama yako tumeipata na vidonge ishirini na tisa."

Nilicheka. Naomba radhi, lakini nilicheka, nikamwuliza kama Mungu anaumwa presha. Mhazini hakucheka.

"Kijana, hizi ni dawa za kumeza. Yeye anameza nini huko nyumbani tangu Jumapili?"

Nikakata simu. Nilimpigia mama, akasema yuko salama, dawa anazo, mbona nina kelele. Nilipomwuliza anameza za wapi akasema mvua imeanza na hanisikii. Kibirichia siku hiyo ilikuwa kavu. Niliazima pikipiki ya fundi wa magari jirani yangu nikapanda mlima, na njia nzima niliogopa. Niliogopa kama mtoto. Niliwaza nitakavyomkuta, niliwaza mtaro wa viazi, na kila nilipojaribu kuwaza jambo lingine niliiona ile bahasha nzuri.

Nilimkuta ameketi jikoni, amejifunga kitambaa kichwani kwa kukaza, vile hufanya kichwa kikimgonga. Alikuwa anamenya viazi na macho amefumba nusu. Tunazungumza Kimeru nyumbani, na maneno yake nayaweka hapa kama ninavyoyakumbuka.

"Mama, bahasha ya dawa iko wapi?"

Aliinuka taratibu, akatoa bahasha kwenye Biblia, akanipa. Ndani kulikuwa na noti ya sadaka, imekunjwa mara nne. Aliniambia kwamba Jumapili alikuwa na bahasha mbili mkobani, zote zina msalaba wa kijani, zote zina jina lake kwa kalamu. Dawa alikuwa ameichukua ili mpwa wangu anayesoma bwenini amsomee baada ya ibada, lakini kijana hakuja. Kapu likapita, akatia mkono, akatoa. Alipofika nyumbani na kufungua, akajua.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningekwambiaje? Kwamba nimemtolea Mungu vidonge?"

"Ungepigia duka basi. Namba ya duka..." Hapo niliikumbuka namba ya duka ilivyokuwa, kijani juu ya kijani, nyembamba.

Mama akaketi tena. Akaangalia kiazi kilichokuwa mkononi mwake. "Sikuweza kuisoma," alisema. "Zile herufi zako siwezi kuziona, mwanangu. Daktari alipokuwa ananionyesha niliitikia tu. Ulikuwa umesimama hapo umefurahi."

Sijui kama kuna kitu kimewahi kuniaibisha zaidi. Mama yangu alisoma shule ya msingi mpaka mwisho, husoma Biblia ya Kimeru kila jioni, ile yenye maandishi makubwa. Hakushindwa kusoma. Mimi ndiye niliyemnyang'anya maandishi, na yeye akanificha hilo ili nisiumie.

Nilimpigia mfamasia nikiwa hapohapo jikoni. Hakuuliza ni nani mwenye makosa. Aliuliza mama anajisikiaje, kama anaona vizuri, kama kifua kinambana, kama mkono au mguu umelegea. Kisha akasema nimpeleke kituo cha afya apimwe sasa hivi, nisingoje kesho, na asimeze vidonge viwili viwili kufidia siku alizokosa, kwa vyovyote vile. Tukashuka na pikipiki, mama nyuma yangu amenishika kiuno. Presha ilikuwa imepanda sana. Muuguzi alimweka kitandani mpaka jioni, akampa dawa, akampima tena na tena, na nilipoona uso wa yule muuguzi umelegea kidogo ndipo nikatoka nje kupumua.

Asubuhi niliingia duka la dawa kabla hata ya kufungua kwangu. Nilikuwa na vile vidonge ishirini na tisa kutoka kwa mhazini. Mfamasia alivipokea, hakumrudishia mama hata kimoja. Alisema dawa ikishatoka ikazurura haijulikani imekaa wapi, hivyo hivi ni vya kuteketezwa, na mama atapewa vingine. Kisha akazitoa bahasha zangu zote kabatini, bunda kwa bunda, akaziweka juu ya kaunta.

"Nitalipia hasara," nilisema. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Mimi ndiye nilitia sahihi," alisema. "Hapa ndani karatasi ikitoka, ni mimi nimeitoa. Kaa chini. Kwanza tunapigia kila mtu amebeba hizi."

Tulipiga simu asubuhi nzima kutoka kwenye daftari lake. Walikuwa watu kumi na mmoja tu, kwa kuwa wengine wote walikuwa kwa muuza mitishamba kwa ajili ya bango langu. Mzee mmoja alisema bahasha ni nzuri sana na ameihifadhia harusi ya mjukuu. Dawa ziko wapi? Kwenye kikombe. Zipi za asubuhi? Akamwita mjukuu aje aangalie.

Safari hii sikuanza na kompyuta. Mfamasia alinipa karatasi nyeupe na kalamu nyeusi, akaniambia niandike lebo ya bahasha kwa mkono kisha tuwaonyeshe watu, na tusimwulize mtu kama anazipenda. Tumwombe atuambie atafanya nini na dawa hii. Nilianza na jirani, mzee wa bucha, aliyekuja na aproni yake yenye damu akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Ingia, mzee wangu," mfamasia alisema.

"Naweza kuingia? Mimi nilidhani hii ni zahanati ya kanisa, ndio maana nimekuwa nikienda mbali kununua dawa ya goti. Vile mmeweka msalaba."

Mfamasia alinitazama. Nami niliangalia goti la mzee.

Tuliuondoa msalaba, kwenye bango na kila mahali. Mzee wa bucha alishika lebo kwa umbali wa mkono mzima, akaisoma kwa sauti, akakosea saa. Tukaandika upya. Mama mmoja wa viazi kutoka sokoni aliuliza kama "baada ya chakula" ni chakula cha jioni pia. Tukaandika upya. Niliongeza jua dogo kwa asubuhi na mwezi kwa jioni. Vikafaa, lakini mfamasia akasema michoro isaidie tu, maneno yabaki yamekamilika. Jina la mgonjwa likapanda juu kabisa, kubwa, likafuatwa na jina la dawa, na jina la duka nililolipenda sana likashuka chini likawa dogo lakini linasomeka, na namba ya duka kando yake. Kila nilipojaribu kuingiza rangi aliitoa. Nilibishana naye kuhusu mstari mmoja mwembamba wa kijani kwa robo saa, nikautetea kana kwamba ni shamba la baba, akaukubali kwa huruma. Namba yangu ya simu niliifuta mwenyewe, hakuniambia.

Lebo ikawa nyeupe, herufi nyeusi nene, hakuna ua, hakuna kivuli. Tukaifuata kwa mengine yote: bango jeupe lenye maandishi meusi, ukuta mweupe, leseni peke yake katikati ambapo mtu akiingia anakutana nayo. Mtaa uliniuliza kama nimeishiwa wino. Muuza mitishamba alinipa pole. Lakini mzee wa bucha alianza kuingia, na alipoingia yeye akaingia na wateja wake wa nyama, na baadaye nilimsikia mtu akisema kwenye foleni kwamba hapa huelezwa mpaka uelewe.

Mwezi ulipokwisha nilimpelekea mama dawa Kibirichia, katika bahasha mpya. Sikumwambia kitu. Niliketi mkabala naye mezani, nikajifanya nakunywa chai. Alivaa miwani, akaivua, akaisogeza lebo dirishani. Midomo yake ikaanza kusogea. Akasoma jina lake lote, mpaka la baba yake. Akasoma jina la dawa, akalikata vipande vitatu, akalimaliza. Akasoma: kidonge kimoja kila asubuhi. Kisha akasoma tarehe, akasoma mahali duka lilipo, akasoma hata weka mbali na watoto, na hapo akatazama huku na huku jikoni ambako hakujawa na mtoto mdogo kwa miaka kumi, akacheka.

"Huyu daktari wenu anajua kuandika," alisema.

"Anajua."

Aliigeuza upande wa pili, ulikuwa mtupu. Akaigeuza tena. Aliichunguza kwa makini, kwa upendo, akitafuta mahali pa kunisifu.

"Na wewe kazi yako iko wapi hapa?"

Nilitaka kumwonyesha mstari wa kijani. Nikaacha.

"Hakuna, mama," nilisema.

"Haya," alisema, akamimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge kimoja, akameza.